Gripe Isiyoisha: Kinini Kinapofunga Pua na Kupandisha Tansio

Gripe ya kawaida humaliza siku saba, kumi ikiwa kaidi. Siku mbili za koo kuwasha, siku tatu za pua kuvuja, kisha kamasi nzito, kikohozi kidogo, na mtu anarudi shambani. Kwa hiyo mgonjwa anaposema kwamba gripe yake ina wiki tatu, pua imefunga kabisa na kichwa kinamgonga kila asubuhi, swali la kwanza la kumuuliza ni hili: umekuwa ukimeza nini?

Nauliza hivyo kwa sababu katika Kivu ya Kaskazini jibu mara nyingi limo mfukoni mwa mgonjwa mwenyewe. Vilima vya Masisi, kutoka Sake kupanda hadi Rubaya na Nyabiondo, vina baridi na ukungu, na msimu wa mvua unapoanza kila nyumba ina mtu anayepiga chafya. Ukishuka magharibi kuelekea Walikale unaingia kwenye msitu, joto na unyevu, ambako pua iliyoziba na kichwa kinachouma vinaweza kuwa mwanzo wa jambo tofauti kabisa. Kote huko, mtu hutafuta kwanza kinini cha gripe.

Kinini hicho hakitoki kwenye kabati la kituo cha afya. Vituo hufuata orodha ya dawa muhimu, na orodha ya Shirika la Afya Duniani haina kinini chochote cha kuzibua pua. Ina dawa moja tu ya kuzibua kwa kupuliza puani, zailometazolini, nayo imewekwa upande wa watoto, kwa onyo kwamba asipewe mtoto wa chini ya miezi mitatu. Kwa hiyo ukienda kituoni na gripe utapewa parasetamoli na maneno, na wengi huona wamedanganywa. Wanavuka barabara na kuingia farmasia ya mbao, au wanasimama kwenye kibanda cha kambi ya wachimbaji ambako dawa zinakaa pamoja na betri, biskuti na sigara. Hapo dawa za gripe ni nyingi: zimetengenezwa India, Kenya au Uganda, zimepitia Goma, zimepanda lori, kisha pikipiki, na zile za Walikale kwa miaka mingi zimesafiri hata kwa ndege ndogo kwa sababu barabara haipitiki.

Muuzaji huchukua mkasi na kukata vinini vinne kutoka kwenye ukanda. Karatasi ya maelezo inabaki ndani ya boksi, na jina la dawa mara nyingi linabaki kwenye kipande kingine. Mgonjwa anaondoka akijua kitu kimoja tu: hii ni ya gripe.

Ndani ya kinini kimoja cha namna hiyo kwa kawaida kuna dawa nne. Mchanganyiko unaoonekana sana ni parasetamoli miligramu 500 kwa maumivu na homa, klorofeniramini miligramu 2 ya kukausha pua na kuleta usingizi, kafeini miligramu 30 ya kumwamsha mtu, na fenilefrini miligramu 10 ya kuzibua. Vingine, hasa vile ambavyo ndugu huleta kwenye sanduku kutoka Ulaya, badala ya fenilefrini vina sudoefedrini, kwa kawaida miligramu 30 au 60.

Hizo mbili za mwisho ndizo zenye mashaka, na ni vizuri kujua zinafanyaje kazi. Mtu mwenye gripe hudhani pua yake imejaa kamasi. Kamasi zipo, lakini kinachoziba hasa ni ukuta wa ndani ya pua, ambao umevimba kwa sababu mishipa yake midogo imepanuka na kujaa damu. Dawa ya kuzibua huiamuru mishipa hiyo ijikaze. Ukuta unanywea, hewa inapita. Shida ni kwamba kinini hakijui njia ya puani peke yake. Kikishaingia kwenye damu kinakwenda kila mahali, na mishipa ya mikono, ya figo na ya kichwa inapata amri ileile. Mishipa ikijikaza mwili mzima, moyo unasukuma damu kwenye njia nyembamba zaidi, na tansio inapanda. Sudoefedrini inaongeza jingine: inauharakisha moyo wenyewe.

Inapanda kiasi gani? Hapa nataka tuwe wakweli, maana watu hutishwa bure. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walijumlisha majaribio mengi ya sudoefedrini wakakuta kwamba kwa wastani tansio ya juu ilipanda kwa kama milimita moja tu ya zebaki, na mapigo ya moyo yakaongezeka kama matatu kwa dakika. Kwa kijana wa miaka 25 anayebeba magunia Rubaya, hiyo si kitu. Lakini wastani huficha watu. Majaribio yale yalifanywa kwa wenye afya nzuri na kwa wagonjwa wa tansio ambao dawa zao zilikuwa zinawashika vizuri, na hata miongoni mwao walikuwepo waliopanda zaidi ya wenzao. Mgonjwa wa Masisi ambaye kinini chake cha tansio kimekatika wiki mbili kwa sababu barabara imefungwa na vita hakuwemo kwenye hesabu ile.

Huyo ndiye Shirika la Dawa la Ulaya lilikuwa linamfikiria lilipotoa uamuzi wake. Desemba 2023 kamati yake ya usalama wa dawa ilisema, na Januari 2024 uamuzi ukathibitishwa, kwamba sudoefedrini isipewe mtu mwenye tansio kali au isiyotulizwa, wala mwenye ugonjwa mkali wa figo. Sababu ilikuwa visa vichache, lakini vya hatari, vya mishipa ya ubongo kujikaza ghafla na ubongo kuvimba: kichwa kinapasuka ndani ya dakika moja, macho yanaona ukungu, mtu anachanganyikiwa au anapata degedege. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Tangu tarehe 11 Desemba 2024 vinini vya sudoefedrini haviuzwi tena huko bila karatasi ya daktari. Wenye ndugu Paris wajue hilo: dawa ambayo kule haitoki tena mikononi mwa mfamasia bila daktari, hapa inatolewa sandukuni na kugawiwa jamaa wote.

Fenilefrini ina kisa chake, na kinakaribia kuchekesha. Ikimezwa, sehemu kubwa huvunjwavunjwa tumboni na kwenye ini kabla ya kufika puani. Septemba 2023 kamati ya wataalamu wa Marekani ilipiga kura kuhusu miligramu 10 zile zile zilizomo kwenye vinini vingi, na kura zote 16 zikasema haizibui pua. Novemba 2024 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikapendekeza iondolewe kwenye dawa za gripe za kumeza. Kwa maneno mengine, mtu anayesema kinini kimemsaidia amesaidiwa na parasetamoli na kafeini, ambazo angezipata kwa bei ndogo zaidi kwa kinini kimoja cheupe na kikombe cha chai. Hatari inakuja pale asipoona nafuu puani, akaongeza cha pili na cha tatu.

Tumchukue sasa mama mmoja. Nimemtunga, lakini hakuna jambo lake hata moja ambalo si la kawaida. Ana miaka 52, anauza nguo sokoni Nyabiondo, na ana tansio. Kituo cha afya kilimpa amlodipini miligramu 5, moja kila siku, naye alikuwa akikaa kwenye 138 kwa 86. Risasi zikasikika upande wa juu, familia ikakimbia siku kadhaa, vinini vikaisha njiani. Waliporudi alinyeshewa, akapata gripe. Akanunua vinini vya gripe, akameza viwili mara tatu kwa siku. Jirani akampa chupa ndogo ya matone ya pua, yakamfungulia papo hapo, akayapenda. Usiku, kichwa kilipozidi, aliweka kwenye maji vinini viwili vya parasetamoli vile vinavyochemka na kutoa povu. Na motari mmoja akamletea ibuprofeni, miligramu 400, akawa anameza tatu kwa siku. Wiki ya tatu amekaa mbele ya muuguzi: pua imefunga, kichwa kinauma kuanzia anapoamka, tansio ni 168 kwa 102.

Muuguzi mwenye akili hataanza na dawa mpya. Atamwambia, mama, toa vyote ulivyo navyo, viweke hapa mezani. Halafu atahesabu.

Vinini sita vya gripe kwa siku ni parasetamoli gramu 3. Vile viwili vya povu vinaongeza gramu moja. Jumla ni gramu 4, ambayo ndiyo mwisho kwa mtu mzima mwenye ini zima. Akiongeza kimoja tu anavuka. Fenilefrini ni miligramu 60. Kafeini ni miligramu 180, na ukijumlisha vikombe vyake viwili vya chai nzito anafika kwenye 250 au zaidi. Vinini vya povu, ili vichemke, hutengenezwa kwa chumvichumvi ya sodiamu: kimoja hubeba karibu miligramu 400, hivyo viwili ni sawa na gramu 2 za chumvi ya mezani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu asizidishe gramu 5 kwa siku kutoka kila kitu anachokula, na mama huyu jana alikula makayabu. Ibuprofeni nayo huifanya figo ishike maji na chumvi, na kwa mwenye tansio huweza kupandisha milimita tatu hadi tano, juu ya kudhoofisha baadhi ya dawa za tansio. Sindano ya diklofenaki, ambayo wengi huidai kwa kichwa kwa sababu sindano inaonekana ina nguvu, ni ya ukoo uleule.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoipandisha tansio peke yake. Amlodipini iliyokatika ndiyo iliyofungua mlango. Lakini vimesukuma vyote upande mmoja.

Bado hatujaeleza kwa nini pua imefunga wiki ya tatu, wakati virusi vimeshaondoka. Jibu ni ile chupa aliyoipenda. Matone ya kuzibua pua, yale ambayo jina lake huishia na zolini, kama oksimetazolini, zailometazolini na nafazolini, na pia yale ya efedrini, huikaza mishipa ya pua kwa nguvu na kwa haraka. Yakiisha nguvu, mishipa hulegea. Ukiyatumia siku tatu hakuna neno. Kuanzia siku ya nne au ya tano, mishipa inaanza kulegea kupita ilivyokuwa mwanzo: kila dozi ikiisha pua inavimba zaidi, mgonjwa anaweka tena, muda wa nafuu unapungua kutoka saa nane hadi tatu, na sasa dawa ndiyo inayoleta ugonjwa. Unaitambua hali hii kwa dalili tatu. Hakuna homa, hakuna kamasi za maana, na mgonjwa hawezi kulala bila chupa kando ya mto. Wapo waliokaa hivyo miezi.

Tiba ni kuacha, na ni ngumu kwa siku chache. Njia inayovumilika ni kuacha tundu moja kwanza: weka matone upande wa kushoto tu, uache wa kulia uzibe hadi uzibuke wenyewe, labda baada ya wiki moja, kisha acha na wa kushoto. Kwa muda huo osha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko kidogo cha chai kwenye kikombe cha robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima au ya mto yasiyochemshwa yasiingie puani. Maji hayo ya chumvi hayapandishi tansio, maana hayamezwi, yanatoka.

Na kichwa? Hapa kuna mtego mwingine, na naona ndio unaowashika watu wengi kuliko wote. Kafeini hukaza mishipa ya kichwa, na ndiyo maana imetiwa kwenye vinini hivi. Mtu anayepata zaidi ya miligramu 200 kila siku kwa wiki mbili, siku akiikosa kichwa kinamuuma ndani ya saa 24. Mama wetu huamka na kichwa kwa sababu usiku mzima hakupata kafeini. Anameza kinini cha gripe saa moja asubuhi, kichwa kinatulia, naye anahitimisha kwamba gripe ingalipo na dawa ni nzuri. Zaidi ya hapo, ubongo wenyewe huchoka na dawa za maumivu. Madaktari wa vichwa wana kipimo chao: mwenye kichwa cha mara kwa mara anayemeza dawa za mchanganyiko siku kumi au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, au parasetamoli tupu siku kumi na tano, anaweza kuzalishiwa kichwa na dawa hizo hizo. Mama huyu hajafika huko, lakini wachimbaji wanaomeza kinini kila asubuhi kabla ya kuingia shimoni wengine wamefika.

Kuna pia wale wanaosema wana kichwa cha sinizi, kinachowarudia kila mwezi na pua ikivuja kidogo. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2004, wenye watu karibu elfu tatu waliojiita hivyo, ulikuta 88 kati ya kila 100 walikuwa na kipandauso, yaani migreni. Kipandauso huweza kutoa machozi na kuziba pua. Kumpa huyo dawa ya kuzibua ni kumtibu jirani yake.

Turudi mezani. Muuguzi anaondoa vinini vya gripe, vya povu, ibuprofeni na chupa. Anaacha parasetamoli tupu, miligramu 500 hadi 1,000 ikihitajika, isizidi gramu 3 kwa siku kwa mama huyu. Anarudisha amlodipini. Kisha anamwambia mapema jambo ambalo wengi husahau: kesho na keshokutwa kichwa kitazidi, kwa sababu kafeini imeondoka, chai usiikate ghafla, punguza kikombe kimoja baada ya kingine, na ndani ya siku saba kitakwisha. Asipoambiwa hivyo, siku ya pili atakuwa amerudi kwenye kibanda. Tansio anaipima tena baada ya siku mbili au tatu, mgonjwa akiwa amekaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, na nusu saa bila chai wala sigara. Amlodipini huchukua siku kadhaa kufikia nguvu yake, kwa hiyo namba isiposhuka kesho si sababu ya kuongeza dozi.

Watauliza, sasa tutumie nini kwa gripe? Vitu vya bibi zetu vina nafasi. Mikaratusi imejaa kwenye vilima vya Masisi, na mvuke wa majani yake hulainisha kamasi. Hatari yake ni sufuria ya maji ya moto karibu na mtoto, basi watoto wasifukizwe. Mafuta ya mentholi ya kopo dogo hayafungui pua kwa kipimo, yanaidanganya tu ihisi hewa ya baridi, lakini udanganyifu huo hauna tansio ndani yake. Yasipakwe puani mwa mtoto mchanga. Dawa za kuzibua za kumeza, mtoto wa chini ya miaka sita asipewe kabisa.

Lakini sharti la kwanza ni kuwa na hakika kwamba ni gripe. Walikale, mtu mwenye homa na kichwa apimwe malaria siku hiyohiyo kwa kile kipimo cha tone la damu, kwa sababu kinini cha gripe kitashusha homa kwa saa sita na kumpa malaria siku moja zaidi ya kujificha. Shingo ikikakamaa pamoja na homa, ni hospitali. Kichwa kilichokuja ghafla kama radi, upande mmoja wa mwili kulegea, kuona maluweluwe, degedege, au tansio ya 180 kwa 120 pamoja na dalili yoyote ya hizo, ni hospitali, hata kama ni usiku na motari anataka bei mara mbili.

Na mama mjamzito. Mimba ikipita wiki 20, kichwa kinachouma bila kuachia kinaweza kuwa tansio ya uzazi, na hiyo haingoji. Ikiwa kipimo ni 140 kwa 90 au zaidi, anahitaji kuangaliwa na mkojo kupimwa protini. Ikiwa 160 kwa 110, yuko kwenye hatari ya kifafa cha uzazi na dawa yake, magineziamu salfeti, hutolewa hospitalini, kama ile hospitali kuu ya rufaa ya Masisi au ya Walikale. Kumpa kinini cha gripe ni kumwongezea dawa inayokaza mishipa wakati mishipa yake imeshajikaza. Ibuprofeni nayo haimfai tangu wiki hiyo ya 20.

Kwa wauzaji wa farmasia nina ombi moja, halina gharama. Kabla ya kutoa dawa ya gripe, muulize mteja kama ana tansio, kama ni mjamzito, na kama ameshameza kinini kingine leo. Na unapokata ukanda kwa mkasi, kata ili jina la dawa libaki upande wa mgonjwa, maana atakapofika kituoni wiki ijayo, muuguzi atahitaji kulisoma.